Kukausha nailoni Dar es Salaam: kwa nini digrii 50 hazitoshi

*"Kaka, naprinti kwa printa ya 3D gia za mota ya kioo cha gari, kwa nailoni ya PA6. Rola ni mpya, nimeikausha saa sita kwenye kikaushio kwa digrii 50, bado inapasukapasuka kwenye nozeli na gia inatoka na manyoyanyoya. Nikaiweka siku mbili kwenye boksi lenye silika jeli, hamna kitu. Halafu meno ya gia yananyanyuka kwenye bedi, nimepaka gundi na kupandisha joto la bedi hadi 100, wapi. Niko Tabata, chumba hakina AC. Nakosea wapi?"*

Kaka, hapo una matatizo mawili, lakini la kwanza linalilisha la pili, kwa hiyo tulianze hilo. Rola yako bado ina maji. Saa sita za digrii 50 zimetoa kiasi fulani, na zaidi ya hapo hazina uwezo wa kutoa, hata ukiziongeza ziwe ishirini. Sababu ni hewa ya Dar yenyewe.

Nailoni inapenda maji kuliko karibu filamenti zote unazoweza kununua. Kwenye mnyororo wake kuna vikundi vya amaidi, na molekuli za maji zinavishika hivyo vikundi na kukaa humo ndani ya plastiki, si juu ya uso wake. Ndiyo maana kuifuta au kuianika juani hakusaidii. PA6 ikikaa kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 50 inabeba maji kama asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, na ukiilowesha mpaka ishibe inafika asilimia 9 hivi. Huku kwetu, ambako asubuhi za masika unyevu unavuka asilimia 80, rola iliyoachwa wazi inakaa katikati ya hayo mawili. Nayo nailoni inataka iwe chini ya asilimia 0.2 ndipo ipite kwenye nozeli kwa amani. Kuwa mpya hakuikingi rola. Mfuko wa kiwandani ukiwa na tundu dogo tu, au rola ikiwa imekaa wazi wakati wa kuzungushwa, inakufikia ikiwa imeshakunywa.

Kwenye nozeli yenye digrii 260 maji hayo yanageuka mvuke ghafla. Mlio wa kupasukapasuka unaousikia ni mvuke ukitoka, na manyoyanyoya ni plastiki inayosukumwa nje na mvuke hata wakati ekstruda imesimama. Kuna jambo jingine usiloliona kwa macho. Maji yakiwa kwenye joto hilo yanaikata minyororo ya nailoni vipande vifupi, na kilichokatika hakirudi. Gia iliyoprintiwa kwa filamenti yenye maji inaweza kuonekana inafaa, lakini jino likavunjika siku ya kwanza kioo kikigoma kidogo. Habari njema ni kwamba filamenti iliyobaki kwenye rola haijaharibika. Ukiikausha vizuri inarudi kama ilivyokuwa. Iliyopita kwenye nozeli ikiwa na maji ndiyo imekwisha.

Sasa hiyo digrii 50. Kikaushio kingi hakitoi maji hewani, kinapasha hewa tu. Hewa ikipata joto, unyevu wake kwa asilimia unashuka kwa kuwa ina nafasi ya kubeba mvuke mwingi zaidi, ingawa mvuke uliomo ni uleule. Chukua chumba chako: digrii 30, unyevu asilimia 80. Ukiipasha hewa hiyo hadi digrii 50, unyevu unashuka hadi kama asilimia 28. Ukiipasha hadi 70 unafika 11, na ukifika 80 unakuwa kama 7. Nailoni haiwezi kukauka kupita hewa inayoizunguka. Inatoa maji mpaka ilingane na hewa ile, kisha inasimama. Kwenye hewa ya asilimia 28 inasimama ikiwa bado na maji mengi mno kwa nozeli.

Sasa linganisha na mtu aliyeandika maelekezo ya kikaushio chako akiwa kwenye nchi ya baridi, chumba kina digrii 20 na unyevu wa asilimia 40. Akipasha hewa ile hadi digrii 50 anapata unyevu wa karibu asilimia 8. Yaani digrii 50 za kwake zinampa hewa kavu sawa na digrii 80 za kwako Tabata. Watu wengi hapa mjini wanadhani wameuziwa kikaushio kibovu au nailoni feki, kumbe wanafuata namba zilizopimwa kwenye hewa nyingine. Na hata huyo wa kwenye baridi atasubiri sana, maana kwenye digrii 50 maji yanasafiri polepole mno kutoka katikati ya uzi kuja nje. Joto kubwa linakupa vyote viwili: hewa kavu zaidi na maji yanayotembea haraka.

Kwa hiyo lengo lako ni digrii 80, kwa saa nane hadi kumi na mbili. Usipande zaidi ya 90 kwa muda mrefu. Nailoni ikikaa kwenye hewa yenye joto sana inaungua polepole na oksijeni, na utaiona inageuka njano. Njano hiyo ni dalili kwamba inaanza kuwa dhaifu.

Kama kikaushio chako kinaishia 65 au 70, kiangalie kwanza kama kina tundu la kutolea hewa. Vingi havina, mvuke unaotoka kwenye rola unabaki humohumo na kurudi. Weka kijiti cha mshikaki chini ya mfuniko ubaki wazi kidogo. Kwa digrii 70 kinaweza kukufikisha ila kwa muda mrefu zaidi, tuseme usiku kucha na asubuhi juu yake. Kama kina mwisho wa 55, kiache kwa PLA.

Njia rahisi kwako, kwa kuwa printa unayo, ni kutumia bedi yenyewe. Pasha bedi hadi 90, weka vipande vitatu vya mbao nyembamba juu yake ili rola isiguse moja kwa moja, laza rola, kisha ifunike kwa boksi la katoni lililotobolewa matundu machache juu. Ingiza kipimajoto cha jikoni chenye sindano kwenye tundu moja, uone hewa ya ndani ina digrii ngapi hasa. Ikiwa chini ya 70, funika katoni kwa taulo upande wa nje bila kuziba matundu. Igeuze rola katikati ya safari, maana upande wa chini unapata joto zaidi. Usiondoke nyumbani bedi ikiwa imewaka hivyo.

Oveni ndogo ya umeme ya mezani nayo inafaa, lakini usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe. Oveni nyingi zinaruka juu na chini ya namba uliyoweka kwa digrii nyingi, na rola ya plastiki ikipigwa moja kwa moja na waya wa moto inajikunja. Pasha oveni ikiwa tupu kwanza, ifuatilie kwa kipimajoto kwa nusu saa, na weka trei kati ya rola na waya. Oveni ya gesi iache kabisa, kwa sababu gesi ikiungua inatoa maji.

Nikueleze sasa unavyojua kwamba rola imekauka, maana hapa ndipo watu wanapokisia. Ipime kwenye mizani. Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja inatosha. Rola ya kilo moja yenye maji ya asilimia 2.5 imebeba gramu 25 za maji, na gramu 25 mizani inaziona bila shida. Pima kabla ya kuanza na uandike namba kwenye rola yenyewe kwa maka peni.

Tuseme rola yako na ringi yake inaanza na gramu 1,230. Baada ya saa nne kwenye digrii 80 inasoma 1,214. Baada ya saa nane inasoma 1,207. Ukiongeza saa tatu inasoma 1,206, na saa mbili nyingine bado 1,206. Hapo imesimama. Imetoa gramu 24, na zaidi ya hapo joto ulilonalo halitoi kitu. Angalia jinsi ilivyopoteza gramu 16 kwenye saa nne za kwanza na 7 tu kwenye nne zilizofuata: maji ya nje ya uzi yanatoka upesi, ya katikati yanatoka kwa kusitasita. Anayekausha saa nne na kuridhika ameacha theluthi ya maji ndani. Kama ringi yako ni ya karatasi ngumu, ujue nayo inabeba maji, kwa hiyo sehemu ya gramu zilizopotea ni zake. Hilo halibadilishi kanuni, unachosubiri ni namba iache kushuka.

Namba ikisimama haijathibitisha bado kwamba imefika panapotakiwa, ndiyo maana kipimo cha mwisho ni nozeli. Nyanyua nozeli juu hewani na utoe uzi bila kuprinti chochote:

```
M109 S260
M83
G1 E100 F120
```

Hiyo inasubiri digrii 260 kisha inasukuma milimita 100 za filamenti taratibu. Sogeza sikio. Nailoni kavu inatoka kimya, uzi ni laini, unang'aa, na kama haina rangi unaona mwanga ukipenya. Nailoni yenye maji inatoka na mlio, uzi una ukungu mweupe, na ukiukata kwa wembe na kuutazama kwenye mwanga unaona vipovu vidogo ndani yake. Ukiona vipovu, rudisha rola kwenye joto. Kubadilisha mipangilio ya slaisa wakati huo ni kupoteza siku. Watu wanaongeza kurudisha nyuma filamenti, wanashusha joto, wanapunguza mwendo, na manyoyanyoya yako palepale, kwa sababu mvuke hausikilizi slaisa.

Neno moja kuhusu hizo digrii 260 kabla sijasahau. Kama printa yako ni ile ya kawaida ambayo mrija wa tefloni unaingia mpaka kwenye nozeli, usiifikishe huko. Tefloni inaanza kuharibika kuanzia kama 240 na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Unahitaji kichwa cha moto ambacho ni chuma mpaka mwisho.

Sasa boksi lako la silika jeli. Hujakosea kulinunua, umelipangia kazi isiyo yake. Boksi kavu linatunza ukavu, halikaushi. Kwenye joto la chumba maji ya ndani ya uzi yanatoka kwa mwendo wa siku nyingi na hata wiki, na silika yenyewe ina kikomo. Ukitaka hewa ya boksi ibaki kwenye asilimia 20, silika inaweza kubeba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake tu. Gramu 200 za silika zinashika gramu 20 hivi, na rola yako ilikuwa na 24. Ingeshiba kabla rola haijakauka, hata ungesubiri mwezi.

Lakini rola ikishakaushwa mambo yanageuka. Hewa ya nyumbani kwako ina maji kama gramu 24 kwa kila mita ya ujazo. Boksi la lita kumi ukilifungua na hewa yote ikabadilika, imeingia robo ya gramu. Silika ileile ya gramu 200 inaweza kufunguliwa boksi mara nyingi kabla haijachoka. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na kazi hiyo huwezi kuiruka, kwa sababu nailoni kavu ikiachwa wazi Dar haikupi siku nzima. Saa chache zinatosha mzunguko wa nje wa rola kuanza kulia tena kwenye nozeli. Gia yako moja haichukui muda mrefu, lakini ukiprinti nne mfululizo na rola ikiwa imening'inia juu ya printa, ya kwanza itatoka safi na ya nne itatoka na manyoya. Ukiona kazi inaanza vizuri na kuharibika kadri inavyopanda, usitafute kwingine.

Kwa hiyo filamenti itoke kwenye boksi moja kwa moja hadi kwenye ekstruda bila kuona hewa. Tumia kontena la kuhifadhia unga au nafaka, lenye mpira kwenye mfuniko na klipu za kubana pande zote. Lipime kwa kuliweka na silika na kipima unyevu ndani, bila rola, usiku mmoja. Ikisoma chini ya 15 asubuhi, mfuniko unabana. Ndani weka fimbo au beringi mbili za kubeba rola ili izunguke bila kukwama, maana nailoni ni laini na ekstruda ikivuta kwa nguvu inauvuta uzi mpaka unakuwa mwembamba. Toboa tundu moja ubavuni, funga kiungo cha kubana mrija kama kile kilichoko kwenye ekstruda, na toa mrija wa tefloni mpaka kwenye mdomo wa ekstruda. Ukipata mrija wenye tundu la milimita 3 badala ya 2, uchukue, nailoni inateleza humo kwa urahisi zaidi. Epuka kona kali. Mrija uwe na urefu wa kutosha kichwa kikifika pembe ya mbali bila kuvuta boksi.

Weka kipima unyevu mahali unapokiona bila kufungua. Vile vya bei rahisi vingi haviendi chini ya asilimia 10, kwa hiyo 10 isome kama "kavu kuliko ninavyoweza kupima". Ikipanda kuvuka 20, badilisha silika. Nunua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ya bluu inayogeuka waridi inatiwa rangi kwa kemikali ya kobalti, ambayo si ya kushikashika nyumbani wala kuiweka kwenye oveni ya chakula. Ya chungwa irudishe kwenye digrii 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu, itandazwe kwenye trei, na uirudishe boksini ikiwa ya vuguvugu. Ukiiacha ipoe mezani inakunywa hewa yako kabla haijafika kazini.

Ukimaliza kazi ya siku, usiache uzi ukining'inia kwenye ekstruda. Uvute mpaka ubaki ndani ya boksi na uzibe mdomo wa mrija. Kama umeuacha usiku, toa zile sentimita za kwanza na uzitupe asubuhi kabla ya kuanza. Umeme ukikatika wakati wa kukausha, usiache rola kwenye oveni inayopoa ukisubiri urudi. Ihamishie kwenye boksi ikiwa bado ya moto na ufunge.

Tuje kwenye bedi. Kwanza ujue kwamba sehemu ya tatizo lako la meno kunyanyuka ni yale maji. Tabaka la kwanza likiwa na vipovu chini yake, linagusa bedi kwa madoa madoa tu. Ukikausha rola utaona tofauti kabla hujabadilisha kitu kingine, kwa hiyo usibadilishe vitu vitano kwa pamoja.

Kinachobaki ni tabia ya nailoni yenyewe. Inapopoa inajipanga kama fuwele na kusinyaa sana, na kila tabaka jipya linavuta lililo chini yake kuelekea katikati. Kwenye gia kila jino ni pembe ndogo, na pembe ndiyo inayoanza kunyanyuka. Halafu kioo kitupu cha bedi nailoni haikishiki kabisa.

Gundi uliyotumia huenda ni sahihi, ila mazingira yake siyo. Inayofaa ni gundi ya stiki ya shuleni yenye PVA, kwa sababu PVA na nailoni zinashikana vizuri. Osha kioo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kikaushe, na usikiguse tena kwa vidole. Paka tabaka jembamba upande mmoja, kisha lingine likikatiza la kwanza, uache likauke. Bedi iweke kati ya 70 na 80. Ulipoipandisha hadi 100 uliilainisha gundi yenyewe, na kitu laini hakishindani na plastiki inayosinyaa. Hapo ndipo juhudi yako ilikurudisha nyuma.

Zima feni ya kupoza kazi kabisa, si tabaka la kwanza tu. Kwenye slaisa iweke sifuri, na uangalie faili lisiwe na `M106`, amri ya kuwasha feni, yenye namba juu ya sifuri katikati ya kazi. Zima na pangaboi la chumbani. Joto la Dar ni faida kwa nailoni, hewa ya digrii 30 inaipoza taratibu, lakini upepo wa pangaboi unaifuta faida hiyo yote. Kama printa haina kabati, katoni kubwa lililofunikwa juu yake na kuacha nafasi ya nyaya na mrija linatosha kwa gia yako, mradi lisiguse kichwa cha moto. Pawa saplai na bodi ya printa vibaki nje ya katoni kama inawezekana, havipendi joto hilo.

Kwenye slaisa washa `Brim` ya milimita 8, ikiwa imeungana na gia bila mwanya. Tabaka la kwanza liwe nene kidogo, milimita 0.25 hadi 0.3, na mwendo wa milimita 15 hadi 20 kwa sekunde. Usijaze gia asilimia 100. Kuta tano na ujazo wa 40 zinakupa meno yaliyo imara kwa sababu meno yanajazwa na kuta zenyewe, na katikati panavuta kidogo. Jino likinyanyuka hata hivyo, angalia linanyanyuka pamoja na gundi au gundi inabaki kwenye kioo. Likiondoka na gundi, kioo kilikuwa na mafuta. Gundi ikibaki, nozeli iko juu mno, ishushe kidogo.

Lakini kwa mtu anayetaka kuprinti gia za nailoni kila wiki, mimi ningeachana na kioo. Kitu kinachoishika nailoni kuliko vyote nilivyotumia ni garolaiti, bamba la nyuzi za kioo na epoksi linaloandikwa FR4 au G10. Si lazima uagize nje. Bodi tupu za kutengenezea saketi zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ni FR4 hiyohiyo. Chukua yenye shaba upande mmoja tu, upande wa pili ni garolaiti tupu. Bodi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha gia zako.

Ilaze shaba ikiwa chini, ibane kwenye kioo kwa klipu za karatasi mahali kichwa hakifiki. Paruza uso wake kidogo kwa msasa namba 400 ukiwa umelowa maji, uvae barakoa, kwa sababu vumbi la nyuzi za kioo si la kuvuta. Ifute kwa spiriti. Bodi nyingi zina unene wa milimita 1.6, na nozeli yako haijui kwamba bedi imepanda. Rekebisha kimo cha Z kabla hujabonyeza kitu, la sivyo nozeli inachimba bodi. Kama printa yako inapima bedi kwa kihisi cha chuma, kihisi kitaisoma ile shaba iliyo chini na si uso unaoprintia, kwa hiyo kimo cha mwisho kiweke kwa mkono na karatasi. Bedi iwe 70, na usubiri dakika kumi baada ya namba kufika, bamba linachelewa kupata joto. Hapa gundi haihitajiki.

Garolaiti ina hatari moja, inashika mno. Ukiing'oa gia ikiwa ya moto unaweza kuondoka na kipande cha bamba. Acha kila kitu kipoe mpaka joto la chumba, katoni likiwa bado juu, kisha ingiza kisu chembamba chini ya `Brim`. Usikimbize kupoza kwa feni, kusinyaa kwa ghafla ndiko kunakopinda gia ambayo ilikuwa imenyooka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, printa nyingi zitakuuliza kama uendelee ukirudi. Kwa nailoni jibu ni hapana. Bedi ikishapoa kipande kimeachia, na hata kisipoachia, tabaka la juu limepoa na limeshaanza kunywa hewa, jino litakatika pale pale kwenye mstari huo.

La mwisho ni la vipimo, na kwa gia ni muhimu. Gia ikitoka kwenye printa ni kavu kabisa, na nailoni kavu ni ngumu lakini inavunjika kirahisi. Ikinywa unyevu inakuwa sugu, ndivyo unavyoitaka kwenye mota ya kioo. Lakini ikinywa inakua. Kwa gia ya milimita 40 ongezeko linaweza kufika robo milimita, kiasi cha kukaza gia iliyokaa sawasawa mezani. Kwa hiyo usiipime na kuifunga siku ileile. Iache kwenye bakuli la maji siku mbili, itoe, iache hewani siku nyingine mbili tatu, ndipo upime tundu la ekseli kwa kaliba na ujaribu meno yake dhidi ya skrubu ya mota. Ikibana, punguza ukubwa kwenye slaisa kwa hiyo tofauti uliyoipima, na uprinti nyingine kutoka kwenye rola ileile ikiwa bado boksini.